Hewa Inayobaki Silindani: Ufanisi wa Kompresa ya Pistoni na Sababu ya Kushindilia kwa Hatua Mbili

Malori yaendayo Zambia kwa barabara kuu hupita Mikumi, na yale yaendayo Dodoma na mikoa ya ziwa hupita Dumila na Gairo. Popote yanaposimama malori hayo pana fundi wa matairi, na kando ya fundi pana kompresa: tangi la chuma lililolazwa juu ya magurudumu madogo, na juu yake silinda yenye mbavu nyingi, puli kubwa, mkanda na mota au injini ndogo. Kazi yake yaonekana nyepesi, yaani kuvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya tangi. Lakini tairi la lori huhitaji kanieneo la kiasi cha kilopaskali 800 kwa kipimo cha geji, ambazo mafundi wengi huzisoma kuwa pauni 116 kwa inchi ya mraba, na kufika huko ni jambo lenye masharti yake. Katika makala haya itachukuliwa kompresa moja ya mfano, ipelekwe Mamboya, katika milima ya Ukaguru kaskazini mwa mji wa Kilosa, ili ichunguzwe ni kiasi gani cha hewa inachokitoa na ni kiasi gani cha kazi inachokila.

Chukulia kuwa silinda ya mashine hiyo ina kipenyo cha milimita 90, na pistoni husafiri milimita 60 toka kikomo cha chini hadi kikomo cha juu. Hesabu ya eneo la duara ikizidishwa kwa mwendo huo hutoa ujazo wa lita 0.38, ambao hapa utaitwa ujazo wa mwendo. Mashine ikizunguka mara 900 kwa dakika, pistoni hufagia lita 343 kila dakika. Mara nyingi tarakimu kama hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kibati cha mashine, na mnunuzi huidhania kuwa ndiyo hewa atakayoipata. Sivyo. Hiyo ni nafasi anayoifagia pistoni. Hewa inayofika tangini ni pungufu, na wakati mwingine ni pungufu sana.

Sababu ya kwanza ya upungufu huo imo katika umbo lenyewe la mashine. Pistoni haiwezi kufika mpaka igusane na kichwa cha silinda. Chuma hutanuka kipatapo joto, beringi hulika na kulegea, na vali zenyewe huhitaji vijitundu na mifuko ya kukalia. Kwa hiyo mtengenezaji huacha nafasi ndogo juu ya pistoni hata inapokuwa kwenye kikomo cha juu. Nafasi hiyo iitwe nafasi baki. Katika mashine ya mfano wetu ni asilimia 6 ya ujazo wa mwendo, kiasi ambacho ni cha kawaida. Ukiigeuza kuwa unene katika silinda hii, ni sawa na milimita 3.6 tu.

Yafaa msomaji afuate mzunguko mmoja wa pistoni kwa makini. Ujazo wa mwendo na uhesabiwe kuwa vipimo 100. Nafasi baki basi ni vipimo 6, na silinda nzima ni vipimo 106. Pistoni inapopanda, hewa hushindiliwa mpaka kanieneo lake lipite kidogo lile la tangi. Hapo vali ya kutolea hufunguka na hewa husukumwa nje. Pistoni inapofika juu, vipimo 6 vya hewa vimebaki, navyo vimo katika kanieneo lile lile kubwa la tangi. Sasa pistoni inaanza kushuka. Mtu angetazamia kwamba vali ya kuingizia itafunguka papo hapo, lakini haifunguki, kwa kuwa hewa iliyobaki ingali na nguvu kuliko hewa ya nje. Ni lazima kwanza itanuke mpaka kanieneo lake lishuke chini ya lile la nje. Sehemu hiyo yote ya mwendo pistoni hushuka bila kuvuta hata chembe ya hewa mpya.

Itatanuka kiasi gani? Hilo hutegemea uwiano wa kanieneo, na uwiano huo sharti uhesabiwe kwa kanieneo halisi, yaani kipimo cha geji kikijumlishwa na kanieneo la anga. Pwani anga hukandamiza kwa kiasi cha kilopaskali 100. Mahali penye kimo cha mita 1,000, kama zilivyo sehemu nyingi za milima ya Ukaguru, ni kilopaskali 90 hivi. Kwa hiyo fundi wa Mamboya anayetaka kilopaskali 800 za geji anaichukua hewa toka 90 mpaka 890, ambao ni uwiano wa 9.89, mwenzake wa Dar es Salaam anaitoa 100 mpaka 900, uwiano wa 9.

Hewa inapotanuka au kushindiliwa ndani ya silinda, kanieneo lake likizidishwa kwa ujazo ulioinuliwa kwa kipeo n hubaki lile lile. Kama joto lingepita kwa urahisi kabisa, n ingekuwa 1, nayo ndiyo kanuni ya Boyle wanayoijua wanafunzi. Kama joto lisingepita kabisa, n ingekuwa 1.4. Silinda iliyopozwa kwa upepo huwa katikati, na 1.3 ni kadirio linalofaa. Kwa uwiano wa 9.89, hewa iliyobaki hutanuka mara 5.83. Vipimo 6 vinakuwa vipimo 35. Silinda yote ni vipimo 106. Kwa hiyo nafasi iliyosalia kwa hewa mpya ni vipimo 71. Sehemu ya ujazo wa mwendo inayojazwa hewa mpya ndiyo iitwayo ufanisi wa ujazo, na hapa ni asilimia 71. Hoja hiyo yote yaweza kuandikwa kwa mstari mmoja, c ikiwa ni nafasi baki kwa sehemu ya ujazo wa mwendo, na r ikiwa ni uwiano wa kanieneo:

ηv = 1 − c(r^(1/n) − 1)

Mwanafunzi akiweka uwiano wa 9 badala ya 9.89 atapata asilimia 73.5 kwa mashine hiyo hiyo ikiwa pwani. Tofauti yaonekana ndogo, lakini haijaisha. Hewa ya Mamboya, kwa kanieneo la 90, ina uzito wa tisa ya kumi tu ya ile ya pwani kwa kila lita, halijoto ikiwa moja. Tisa ya kumi ya asilimia 71 ni asilimia 64. Basi kwa kila mzunguko mashine ile ile hutoa hewa pungufu kwa asilimia 13 kuliko ilivyokuwa ikitoa Dar es Salaam, bila ya kuwa na kasoro yoyote. (Ubaridi wa mlimani hurudisha sehemu ndogo ya hasara hiyo, kwa maana hewa baridi ni nzito zaidi.) Fundi anayelalamika kwamba mashine yake imezeeka njiani huenda anailaumu bure.

Lakini yapo mambo ambayo mashine hulaumiwa kwa haki. Kichwa cha silinda kikifunguliwa ili kusafisha vali, gasketi yake mara nyingi hupasuka, na fundi asiyekuwa na gasketi ya dukani huikata mwenyewe kwa karatasi nene. Tuseme ameongeza unene wa milimita 3 kupita ule wa awali. Nafasi baki, iliyokuwa sawa na milimita 3.6, sasa ni milimita 6.6, yaani asilimia 11 ya mwendo. Kwa kanieneo la 800, ufanisi wa ujazo unashuka toka asilimia 71 hadi 47. Theluthi moja ya hewa imepotea kwa ajili ya unene wa sarafu mbili, na hakuna mahali panapovuja.

Jambo hilo hutambulikana kwa saa ya mkononi. Na lipimwe tangi la lita 100, likianza tupu. Kutoka sifuri hadi kilopaskali 200 za geji, mashine yenye gasketi sahihi huchukua kama sekunde 41 kwa hesabu yetu, na yenye gasketi nene sekunde 42. Hakuna awezaye kuona tofauti. Kutoka 600 hadi 800, ya kwanza huchukua sekunde 52, na ya pili sekunde 74. Mashine halisi huchukua muda mrefu zaidi katika hali zote, kwa sababu hewa hupashwa joto na kuta za silinda inapoingia na hupoteza nguvu kidogo kwenye vali, lakini sura ya jambo ni hiyo. Nafasi baki ikizidi, mashine huanza vizuri na kuchoka mwishoni. Kichujio cha hewa kilichozibwa na vumbi huonekana tofauti, maana huchelewesha kazi tangu mwanzo.

Mvujo nao huongezeka kadiri kanieneo linavyopanda, hivyo unaweza kudhaniwa kuwa ni gasketi nene. Njia ya kuvitenganisha ni kuzima mashine na kutazama geji. Ikishuka, hewa inatoroka tangini au inarudi kwa vali. Mashine ikiwa inazunguka, kiganja kikiwekwa mbele ya kichujio kisikie hewa ikitemwa nje badala ya kuvutwa tu, vali ya kuingizia haifungi. Kama hayo yote hayapo, ndipo kichwa kifunguliwe. Kipande cha waya laini wa kulehemu huwekwa juu ya pistoni, kichwa hufungwa na gasketi yake, puli huzungushwa kwa mkono mara moja, kisha waya hutolewa na unene wake uliobanwa hupimwa. Unene huo hauonyeshi mifuko ya vali, lakini huonyesha vizuri kama gasketi imezidi. Wala fundi asidhani kwamba dawa ni kuiondoa gasketi au kuifanya nyembamba mno. Pistoni itagonga kichwa mashine ikipata moto, na mlio wake ni wa chuma kwa chuma.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule huligusia tu. Hewa iliyobaki hushindiliwa kwa kazi, lakini inapotanuka huirudisha karibu kazi yote hiyo kwa kuisukuma pistoni chini, kama springi. Kwa hiyo nafasi baki haiongezi sana kazi inayohitajiwa kwa kila kilo ya hewa. Inachopunguza ni idadi ya kilo. Hasara ya mafuta au umeme huja kwa njia nyingine: msuguano wa ringi, beringi na mkanda ni karibu ule ule kwa kila mzunguko, hewa itoke nyingi au chache, na mashine inayozunguka nusu saa zaidi hulipia msuguano wa nusu saa hiyo.

Kazi yenyewe ya kushindilia hupotelea penginepo, nako ni katika joto. Kila aliyepata kujaza baiskeli anajua kwamba mwisho wa pampu huunguza kidole. Katika kompresa yetu, hewa iliyoingia kwa nyuzi 27 za Selsiasi, yaani kelvini 300, ikishindiliwa kwa uwiano wa 9.89 kwa mkupuo mmoja, hutoka ikiwa na kelvini 509, ambazo ni nyuzi 236. Katika halijoto hiyo mafuta ya kulainisha huanza kuungua polepole na kuacha masizi magumu juu ya vali ya kutolea. Vali yenye masizi haifungi sawasawa, hewa ya moto hurudi na kushindiliwa tena, na joto huzidi. Hali hiyo ikiachwa, masizi yenyewe yaweza kushika moto ndani ya bomba.

Joto hilo ni kazi iliyolipiwa, na bado halimfai mtu, kwa sababu hewa itakaa tangini na kupoa kabla ya kuingia katika tairi. Lililo baya zaidi ni kwamba linaifanya kazi ya kushindilia iwe kubwa. Hewa iliyopata moto hutaka nafasi kubwa kwa kanieneo lile lile, na pistoni inalazimika kuusukuma ujazo huo mkubwa dhidi ya kanieneo kubwa. Kama ingewezekana kuipooza hewa wakati ule ule inaposhindiliwa, ujazo wa kusukuma ungekuwa mdogo na kazi ingekuwa ndogo. Kwa hesabu, kilo moja ya hewa hapa huhitaji kilojuli 260 ikishindiliwa kwa mkupuo mmoja, ambapo ingehitaji 197 tu kama halijoto ingebaki nyuzi 27 muda wote. Lakini pistoni inayopanda na kushuka mara 15 kila sekunde haiipi hewa nafasi ya kupoa ndani ya silinda.

Basi wahandisi hufanya lililo karibu na hilo. Hushindilia nusu ya safari, huisimamisha hewa njiani ipoe, kisha humaliza safari katika silinda ya pili. Nusu hiyo si nusu ya kanieneo, bali ni nusu ya uwiano kwa maana ya kuzidisha. Kazi huwa ndogo kabisa kila hatua inapokuwa na uwiano ule ule, na ili ziwe sawa kanieneo la kati sharti liwe kipeuo cha pili cha zao la kanieneo la mwanzo na la mwisho. Kwa Mamboya ni kipeuo cha pili cha 90 × 890, yaani kilopaskali 283 halisi, au 193 kwa geji. Kila hatua ina uwiano wa 3.145.

Sasa na ihesabiwe upya. Hatua ya kwanza huitoa hewa ikiwa na nyuzi 118 badala ya 236. Inapita katika bomba lenye mbavu, ambalo ni kipoozeo cha kati, na ikipoa kabisa hurudi kwenye nyuzi 27. Hatua ya pili huifikisha tena kwenye nyuzi 118. Kila hatua hula kilojuli 113 kwa kilo, na zote mbili 226. Zimeokolewa kilojuli 34 kati ya 260, yaani asilimia 13, na mafuta ya kulainisha hayaungui tena. Na faida ya pili imekuja pamoja na ya kwanza: hewa iliyobaki katika silinda kubwa sasa hutanuka kwa uwiano wa 3.145 tu, hivyo vipimo 6 vinakuwa 14.5 badala ya 35, na ufanisi wa ujazo unapanda toka asilimia 71 hadi 91.5. Hata fundi aliyeweka gasketi nene kwenye silinda hiyo angebaki na asilimia 84.

Kwa kuwa hewa inayoingia hatua ya pili imekwisha kupungua ujazo mara 3.145, silinda ya pili ni ndogo kwa kiasi hicho hicho. Mwendo wa pistoni ukiwa mmoja, silinda kubwa ya milimita 90 hufuatana na ndogo ya milimita 51. Hii ndiyo alama ya kuitambulia kompresa ya hatua mbili. Zipo mashine nyingi zenye silinda mbili zilizo sawa kabisa. Hizo ni za hatua moja, kila silinda ikivuta hewa yake toka nje na kuipeleka tangini, na muuzaji asiyejua, au anayejua, huweza kuziita za hatua mbili. Mnunuzi na atazame kama silinda zinatofautiana kwa unene na kama pana bomba lenye mbavu linalotoka kichwa kimoja kwenda kingine. Injini nyingi za treni za dizeli hubeba kompresa ya jinsi hiyo, na katika baadhi yake silinda mbili kubwa hulisha moja ndogo.

Akiba ya asilimia 13 ina sharti moja, nalo ni kwamba hewa ipoe kweli. Mbavu za kipoozeo zikijaa vumbi lililoshikana na mafuta, jambo la kawaida kando ya barabara za Kilosa wakati wa kiangazi, hewa huweza kuingia hatua ya pili ikiwa na nyuzi 57 badala ya 27. Kazi ya hatua hiyo hupanda toka kilojuli 113 hadi 124, na theluthi ya akiba yote imekwenda. Upepo wa kupozea hutoka kwenye puli, ambayo mikono yake imekatwa kama mapanga ya feni. Mota ikiungwa kinyume, mashine itashindilia hewa vile vile lakini upepo utakwenda upande usiofaa. Ndiyo maana puli au kifuniko chake huwa na mshale. Aidha, hewa ya masika ina mvuke mwingi, na inaposhindiliwa kisha ikapoozwa huacha maji, ambayo sharti yatolewe kwa koki kabla hayajafika kwenye silinda ndogo, na tena kwa koki iliyo chini ya tangi.

Mwanafunzi atauliza kwa nini isiwe hatua tatu. Hesabu yajibu: kwa kanieneo hili hatua tatu zingehitaji kilojuli 216. Hatua ya pili iliokoa 34. Ya tatu ingeokoa 10 tu, na kwa ajili yake ingebidi kununua silinda nyingine, pistoni, vali zake, kipoozeo kingine, na msuguano wa vyote hivyo. Kwa tairi la lori hailipi. Kwa mitungi ya hewa ya wapiga mbizi, inayojazwa hadi kilopaskali 20,000 na zaidi, hatua tatu au nne ni lazima, kwa sababu silinda moja yenye nafasi baki ya asilimia 6 hukoma kutoa hewa kabisa uwiano unapofika 42 hivi: hewa iliyobaki hutanuka ikaijaza silinda yote, na pistoni hupanda na kushuka ikishindilia hewa ile ile.

Mashine nyingine zina geji ndogo kwenye kipoozeo cha kati, nayo hudharauliwa kuliko ile ya tangi, ingawa husema mengi zaidi. Kwa mashine yetu ya Mamboya, tangi likiwa kwenye 800, geji hiyo yapasa kusoma karibu 193. Ikisoma juu sana, silinda ndogo haiipokei hewa iliyopelekewa, na vali zake ndizo za kufunguliwa kwanza. Ikisoma chini sana, silinda kubwa haileti hewa ya kutosha. Basi kichujio, vali zake na unene wa gasketi yake vitazamwe kwa mfuatano huo.